Yah: Uthibitisho wa makubaliano yetu ya simu kuhusu viti 40

4 Machi 2025

Bi Meneja wa Ununuzi,

Salaam. Nashukuru kwa mazungumzo yetu ya jana, Jumatatu tarehe 3 Machi. Tuliongea nusu Kiswahili, nusu Kifaransa, na simu ilikatika mara kadhaa, kwa hiyo naandika nilivyoelewa mimi. Nakala ya Kifaransa imeambatanishwa. Vifungu vina namba zilezile ili uvilinganishe.

1. Kazi. Viti 40 vya kulia chakula, mbao za msaji zilizokauka, bila mikono, vanishi isiyong'aa. Pa kukalia ni sentimita 45 kutoka sakafuni. Mito haimo.

2. Malipo. Dola za Marekani 45 kwa kiti, jumla 1,800. Utalipa 900 kufikia Jumatatu tarehe 10 Machi. Nitanunua mbao fedha zikishaingia. Zitakazobaki utalipa ukishakagua viti, kabla havijapakiwa. Hapa naomba usome kwa makini: hizo 900 za kwanza ni sehemu ya bei, si kishika uchumba. Wewe huwezi kujitoa kwa kuziacha tu, wala mimi kwa kukurudishia maradufu. Kifaransa kina maneno mawili tofauti kwa mambo haya mawili, na jana nadhani tuliyatumia yote. Kwenye nakala nimeweka lile linalotufunga sote.

3. Kuchukua mzigo. Ijumaa tarehe 25 Aprili, karakanani kwangu. Ulisema saa nane. Nimeichukulia kuwa 08:00, yaani saa mbili asubuhi kwa Kiswahili. Ikiwa ulimaanisha saa nane mchana (14:00), niambie mapema, maana wapakiaji nawaita kwa saa.

4. Usafiri. Kufungasha na kupakia ni juu yangu. Lori ni lako, na kitakachoharibika njiani ni juu yako.

5. Kuchelewa. Hili hatukulimaliza. Ulitaka punguzo nikichelewa, nikasema nitafikiri. Napendekeza dola 20 kwa kila siku baada ya tarehe 25 Aprili, zisizidi 180 kwa jumla, isipokuwa ukichelewesha malipo ya kwanza, ambapo tarehe itasogea kwa siku hizohizo. Hadi utakaponijibu, hili ni pendekezo tu.

6. Lugha. Nakala zote mbili zina uzito sawa. Zikipishana, tutafuata namba na tarehe zinazofanana kwenye zote mbili. Kwa mengine yote, kazi ya sehemu hiyo itasimama hadi tuandikiane.

Ukikubali, andika "Nakubali" chini ya nakala zote mbili, taja msimamo wako kuhusu kifungu cha 5, weka saini na unirudishie kabla ya Ijumaa tarehe 7 Machi. Kama kuna neno ulilolielewa vingine, likatie mstari na uandike lako pembeni, kwa lugha yoyote kati ya hizi mbili. Usiponijibu sitahesabu kimya chako kuwa ni ndiyo, na mbao sitanunua.

Wako katika kazi,
Fundi mkuu na mwenye karakana