Natafuta msusi: kamisheni au kodi ya kiti, na wiki moja ya majaribio yenye malipo

Kiti cha tatu kutoka mlangoni, kile kinachotazamana na sinki, kiko wazi. Aliyekuwa nacho amehama na tumeagana vizuri, hata mkasi wake wa akiba ameniachia. Natafuta msusi mmoja wa kukisimamia. Nasema kukisimamia kwa sababu kukaa ni kwa mteja.

Saluni ina viti vitano. Kimoja changu, viwili vya wasusi wa kamisheni, kimoja cha dada anayelipa kodi ya kiti, na hicho kilicho wazi. Yupo pia binti wa kuosha nywele na kukausha taulo. Tunafungua Jumanne hadi Jumapili, saa 3 asubuhi hadi saa 1 jioni. Jumatatu tunafunga, na siifungui hata mteja anibembeleze.

Ninayemtaka ni mtu mwenye mkono wa kusuka: rasta za kawaida, rasta zisizo na fundo, twende kilioni, na kushonea nywele. Ajue pia kuritachi dawa bila kuunguza mtu. Rangi na kukata si lazima, hayo nitakuelekeza polepole. Cheti cha chuo kikiwepo ni vizuri, kisipokuwepo sikufukuzi mlangoni. Mwanamke au mwanamume, yote sawa kwangu.

Mwendo wa kazi sitaufanya kigezo kikubwa. Rasta za kufika kiunoni ukizimaliza kwa saa sita huku mteja anapiga soga, umefanya kazi. Ukizimaliza kwa saa nne huku amekunja uso na nyusi zimepanda juu, umeniharibia jina. Mteja wa namna hiyo akirudi siku ya pili na vipele vidogo kwenye mizizi ya mbele, sihitaji kuuliza nani alimsuka. Nywele za pembeni zikivutwa hivyo mara kwa mara hukatika, na zikizoea kukatika huenda zisiote tena. Asiyeamini hilo asipoteze nauli.

KAMISHENI

Kazi ya mikono mitupu, yaani kusuka, kufumua na kushonea, unachukua asilimia 50. Kazi inayokula dawa zangu, yaani ritachi, rangi na stimingi, unachukua asilimia 40. Asilimia inahesabiwa kwenye bei aliyolipa mteja. Sikati kwanza gharama ya dawa, maji wala umeme halafu ndiyo tugawane kilichobaki. Najua saluni nyingi hukata kwanza, na ndiko ugomvi unakoanzia, kwa kuwa msusi hajui kopo la dawa lilinunuliwa kiasi gani. Kwa hiyo mteja wa rasta akilipa 100, 50 ni zako. Mteja wa ritachi akilipa 100, 40 ni zako, na kopo ni shida yangu. Nywele za kuongezea anazonunua mteja haziingii kwenye hesabu, wala kwako wala kwangu.

Nikimpunguzia mteja bei mimi, kamisheni yako inabaki ya bei kamili. Ukimpunguzia wewe, inahesabiwa kwa alichotoa. Kichwa kikisukwa na wawili, mnagawana kwa makubaliano yenu kabla ya kuanza, mnaniambia, naandika. Bakshishi ni yako yote, usinionyeshe hata.

Tuna daftari mbili. Moja iko kaunta, nyingine unakaa nayo wewe. Kila kichwa kinaandikwa kwenye zote mbili kabla mteja hajatoka mlangoni: saa, aina ya kazi, kiasi, sahihi. Jumapili jioni tunazilinganisha na unalipwa hapo hapo. Zikipishana, tunakaa mpaka tujue ni kichwa gani. Pesa zote za kazi zinapita kaunta, hata za mteja uliyekuja naye mwenyewe. Niliwahi kuwa na msusi aliyekuwa akipokea malipo ya awali kwenye simu yake, mteja anafika Jumamosi anasema ameshalipa nusu, kaunta haina habari. Wateja watatu walisukwa kwa nusu bei kwa sababu sikutaka kuwaaibisha. Sitaki kurudia.

Kichwa kikilegea au kikifumuka ndani ya siku 7, unakirudia bure, na kamisheni uliyokwisha kulipwa sikudai. Mteja akija siku ya 20 na kusema zimelegea, hapo nasimama upande wako.

Mwezi wa kwanza wateja bado hawakujui, kwa hiyo naweka kima cha chini. Kamisheni yako ya wiki isipofika thamani ya vichwa 4 vya rasta za wastani, kwa bei iliyobandikwa ukutani, najazia mpaka ifike. Baada ya hapo unasimama kwa mkono wako.

KODI YA KITI

Hii ni kwa msusi mwenye wateja wake tayari. Kodi ya wiki ni thamani ya vichwa 6 vya rasta za wastani, kwa bei ile ile ya ukutani. Kwa kuwa tunafungua siku 6, ni kama kichwa kimoja kwa siku. Unalipa Jumanne asubuhi kabla hujaanza kazi. Amana ni kodi ya wiki 2, unarudishiwa siku unayoondoka, ikipungua tu kama umevunja kioo au draya.

Ndani ya kodi kuna kiti, kioo, kabati lenye kufuli, sinki, maji, umeme na draya kwa zamu. Dawa, mafuta, jeli, taulo na vitana ni vyako. Bei zako unapanga mwenyewe na sitakuambia umeshusha au umepandisha. Unakuja saa unayotaka ndani ya muda wa kufungua. Leseni na kodi ya mapato ni juu yako, maana hapo wewe ni mfanyabiashara na mimi nakupangisha tu. Kitu kimoja sikubali: kumpangishia mtu wa tatu kiti siku usipokuja.

Umeme ukikatika siku nzima, nakuondolea kodi ya siku hiyo. Ukisafiri wiki nzima na umeniarifu siku 14 kabla, unalipa nusu. Ukiugua, tuzungumze, mimi si jiwe. Kuhama, arifa ni wiki 2 kwa pande zote, hata mimi nikikihitaji kiti.

Watu huniuliza ipi ina faida. Chukua kalamu. Tuseme mafuta, jeli na vikorokoro vyako vya wiki vinakula thamani ya kichwa 1. Ukisuka vichwa 10 kwa wiki, kwenye kamisheni unabaki na 5, kwenye kodi unabaki na 3. Ukisuka 14, ni 7 kwa 7. Ukisuka 20, kamisheni inakupa 10 na kodi inakuachia 13. Kwa hiyo msusi mgeni mahali, asiye na wateja wanaomfuata, nitamshauri aanze na kamisheni hata akija na pesa ya kodi mkononi. Baada ya miezi 3 unaruhusiwa kuhamia kodi bila kuniomba msamaha. Dada aliye kwenye kodi sasa alianza hivyo hivyo.

Na wateja ni wa nani? Wa kodi ni wako, namba zao ni zako. Wa kamisheni waliokuja kwa jina la saluni wanabaki kwenye daftari la saluni, lakini siku ukihama, mteja akiniuliza ulipo nitamwambia. Mwenye kichwa ndiye anayechagua mkono.

WIKI YA MAJARIBIO

Ni wiki moja, Jumanne hadi Jumapili, na inalipwa. Nilipoanza kazi hii niliitwa "kujaribiwa" saluni moja kwa wiki moja, ikawa tatu, nikasuka vichwa visivyo na idadi, na nilichopata ni nauli ya siku mbili. Nilijiapia kwamba nikipata saluni yangu hakuna atakayesuka bure. Utapata kamisheni kama msusi mwingine na kima cha chini kile kile cha vichwa 4, hata kama Jumapili tutaambiana kwaheri. Na majaribio hayaongezwi: Jumapili jioni unapata jibu, ndiyo au hapana, na sababu yake.

Hata anayetaka kodi ya kiti anapitia wiki hii, kwa kamisheni. Amana hatutaizungumzia mpaka imalizike.

Siku ya kwanza utazoea tu: taulo ziko wapi, vitana vinaoshwa vipi baina ya mteja na mteja, nani anapenda redio ipi. Ufagio tunaushika kwa zamu, mimi nikiwemo, kwa hiyo usione umegeuzwa mtumishi. Jumatano na Alhamisi utasuka, na nitaangalia mistari ya kugawa nywele zaidi ya rasta zenyewe. Msusi mstaarabu namjua kwa kisogo, pale ambapo mteja hajioni.

Ijumaa utafanya ritachi moja nikiwa nimesimama kando. Nitasikiliza kama umemuuliza mteja amefumua lini na kama amejikuna kichwa. Akikuambia amefumua jana, nataka umrudishe nyumbani, hata kama pesa ameshaishika mkononi. Nitatazama kama umepaka mafuta ya mgando kwenye paji, masikio na shingo, kama dawa imebaki kwenye nywele mpya bila kushuka kwenye zilizolainishwa zamani, na kama umetazama saa badala ya kungoja mteja aseme kunawasha. Shampuu tunayotumia kuua dawa hutoa povu la waridi dawa ikiwa bado ipo. Povu lisipokuwa jeupe kabisa hujamaliza, rudia.

Jumamosi sitakuangalia. Siku hiyo benchi linajaa, na nataka tu kuona unavyomwambia mteja wa nne kwamba atasubiri saa mbili bila kumdanganya kuwa "dakika tano tu". Jumapili tunalinganisha daftari na tunaongea.

Ukija, njoo na vitana vyako, klipu, mkasi, na picha za vichwa 5 ulivyosuka mwenyewe, angalau kimoja cha nywele laini na kimoja cha nywele za asili fupi. Picha za kuokota mtandaoni nazitambua, na ukiniletea hatutafika Jumanne. Uwe pia na kitambulisho, na namba ya mtu mmoja uliyewahi kufanya naye kazi. Kama mligombana naye niambie mapema, nitampigia hivyo hivyo ila nitamsikiliza kwa sikio moja.

Nitumie ujumbe wenye mambo matatu: jina lako, unachosuka vizuri zaidi, na kama unataka kamisheni au kodi. Usitume "mambo" halafu ukanyamaza. Au fika mwenyewe Jumatano au Alhamisi kabla ya saa 5 asubuhi, wakati saluni bado haijachangamka. Jumamosi usije, sitaweza hata kukukaribisha kiti. Majaribio ya kwanza yanaanza Jumanne ijayo, mtu mmoja kwa wiki. Nikishapata, nitaandika hapa hapa kwamba kiti kimejaa.