Barua ya Mwaliko wa Kongamano la Uvuvi, Kigoma, 8–11 Septemba 2026

Kamati ya Maandalizi
Kongamano la Uvuvi wa Dagaa na Migebuka
KIGOMA

Kumb. Na. KUDM/MW/17
2 Juni 2026

Dkt. Ingrid Solheim
Bergen, NORWE

Ndugu Dkt. Solheim,

YAH: MWALIKO WA KONGAMANO NA UTHIBITISHO WA USAJILI KWA AJILI YA VIZA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kamati inathibitisha kuwa umesajiliwa kama mshiriki na mtoa mada kwa namba 0042, na ada ya dola 150 za Marekani imepokelewa yote. Jina lako tumeliandika kama lilivyo kwenye pasipoti. Namba ya pasipoti ipo kwenye risiti iliyoambatishwa.

Kongamano litafanyika Kigoma mjini kuanzia Jumanne, 8 Septemba hadi Ijumaa, 11 Septemba 2026. Utawasilisha mada yako Jumatano asubuhi, kuhusu maji ya juu ya Ziwa Tanganyika yanavyopata joto na kushindwa kuchanganyika na ya chini yenye virutubisho, na hilo linavyopunguza dagaa.

Ofisa atakayeisoma barua hii aelewe kwamba tarehe hizi hazisogezeki. Tumezipanga kwenye giza la mwezi, kwa kuwa wavuvi wetu huvua kwa taa na mbalamwezi ikikolea hupumzika. Alhamisi alfajiri washiriki watakuwa mwalo wa Kibirizi kuona dagaa wakishushwa, wakipimwa na kuanikwa. Viza ikichelewa wiki mbili, utakuta mitumbwi imefungwa ufukweni.

Kwa mujibu wa ratiba uliyotutumia, utaingia Dar es Salaam Jumapili, 6 Septemba, utaruka kuja Kigoma kesho yake, na kuondoka nchini 13 Septemba. Tunaomba viza ihusishe siku hizo zote. Nauli ya ndege na bima ni juu ya chuo chako. Malazi na chakula ukiwa Kigoma, usiku wa tarehe 7 hadi asubuhi ya tarehe 12, ni juu yetu. Hutaajiriwa wala kulipwa ujira wowote hapa nchini.

Ombi lako liwasilishe mapema kupitia visa.immigration.go.tz, na uhakikishe pasipoti ina uhai wa miezi 6 au zaidi. Ukipitia nchi yenye homa ya manjano na kusubiri ndege zaidi ya saa 12, beba cheti cha chanjo. Barua hii ichapishe na uishike mkononi, usiiweke kwenye begi la mizigo, maana uwanjani wanaweza kuiulizia. Najua unaipenda reli ya kati, lakini treni ya kuja huku iache kwa safari nyingine. Ukichelewa njiani, Jumatano itakukuta Tabora.

Uhamiaji wakihitaji uthibitisho zaidi, wanakaribishwa kuwasiliana na Kamati kwa kutaja kumbukumbu namba iliyo juu.

Karibu sana Kigoma.

Wako,

(Sahihi na muhuri)
Juma R. Kabwe
Katibu wa Kamati ya Maandalizi

Kiambatisho: Risiti ya usajili na ratiba ya kongamano