Orodha ya Mweka Hazina ya Kukagua Bajeti ya Mwezi: Agosti 2025

Kikundi cha kuweka na kukopa, Kihonda, Morogoro. Wanachama 28, mkutano kila Jumamosi. Hisa moja sh. 5,000, mwanachama hununua hisa 1 hadi 5 kwa mkutano. Mfuko wa jamii sh. 1,000 kwa mkutano. Riba asilimia 5 kwa mwezi juu ya salio la mkopo la mwanzo wa mwezi. Mkopo hauzidi miezi 3. Mzunguko ulianza 5 Aprili 2025, mgao ni 28 Machi 2026.

Orodha hii ijazwe Jumapili 31 Agosti, isipite Jumanne 2 Septemba, na isomwe mkutanoni Jumamosi 6 Septemba. Alama ✔ ni sawa, ✘ ina kasoro, na kila ✘ iandikiwe hatua, palepale au kwenye sehemu ya hatua mwishoni. Usibadili mpangilio: fedha huhesabiwa kwanza, bajeti hufuata. Anayeanzia kwenye bajeti huishia kutafuta namba za kuifurahisha kamati.

1. Fedha iliyopo

✔ Sanduku limefunguliwa na washika funguo wote watatu wakiwepo. Wahesabu fedha wawili wamehesabu, kila mmoja peke yake, ndipo wakalinganisha. Imepatikana sh. 281,000.

✔ Taarifa ya benki imechukuliwa yenyewe, inaonyesha sh. 2,688,600 jioni ya 30 Agosti. Meseji ya muamala kwenye simu haihesabiwi kuwa ushahidi: hughushiwa, na hata ile ya kweli haionyeshi makato yaliyokatwa baadaye.

✔ Jumla ya fedha iliyopo ni sh. 2,969,600. Igawe mifuko miwili kabla ya kwenda mbele, kwa sababu benki haijui kipi ni cha mikopo na kipi ni cha jamii.

Mfuko wa mikopo: salio la 1 Agosti 840,000, zimeingia hisa 1,860,000, marejesho ya mikopo bila riba 1,900,000, riba 262,500 na faini 14,500, zimetoka mikopo mipya 2,400,000 na matumizi 48,400. Salio 2,428,600.

Mfuko wa jamii: salio la 1 Agosti 610,000, imeingia 131,000, zimetoka rambirambi mbili, 200,000. Salio 541,000.

Mifuko yote miwili inafika 2,969,600, sawasawa na fedha iliyohesabiwa. Ikitokea tofauti, usiipoteze kwa kuandika "mengineyo". Angalia kwanza kama inagawanyika kwa 9: mara nyingi hapo tarakimu mbili zimebadilishana nafasi, kama 54,000 kuandikwa 45,000. Ikiwa ni namba shufwa, tafuta ingizo la nusu yake lililoandikwa upande usio wake. Visipopatikana, rudi mkutano kwa mkutano ukilinganisha salio la kufunga na la kufungua.

✘ Fedha ndani ya sanduku isizidi sh. 300,000 baada ya mkutano. Jumamosi ya 23 fedha haikupelekwa benki, zikalala sh. 395,000.

✔ Hakuna fedha ya kikundi iliyopita kwenye namba binafsi ya mweka hazina wala katibu. Mwanachama aliye safarini anaweka moja kwa moja kwenye akaunti ya kikundi na kuonyesha stakabadhi.

2. Vitabu vya wanachama

✔ Vitabu 6 vimechukuliwa bila kuchagua (mwezi huu ni namba 2, 7, 11, 16, 23 na 28) na mihuri ya mikutano mitano ikahesabiwa dhidi ya daftari kuu. Mwezi ujao vichukuliwe vingine.

✘ Nafasi za hisa ambazo hazikununuliwa zipigwe mstari palepale mkutanoni. Kitabu namba 16, mkutano wa tarehe 9, kina mihuri miwili na nafasi tatu wazi. Daftari kuu lina hisa mbili, kwa hiyo fedha haijapotea. Tatizo ni kwamba nafasi iliyo wazi inaweza kugongwa muhuri Februari, na siku ya mgao mwanachama akadai hisa tano. Wakati huo hakuna atakayekumbuka tarehe 9 Agosti.

✔ Muhuri na kidau cha wino vimefungiwa ndani ya sanduku, havikai nyumbani kwa mtu.

3. Bajeti na kilichotokea

Agosti ina Jumamosi tano. Bajeti ya mwaka iliyogawanywa kwa 12 itaufanya mwezi huu uonekane wa neema, na Septemba yenye nne ionekane ya njaa. Kasma zinazotegemea mikutano zipigiwe hesabu kwa mkutano, kisha zizidishwe kwa idadi ya mikutano iliyofanyika.

| Kasma | Bajeti | Halisi | Tofauti |
|---|---|---|---|
| Hisa (420,000 × 5) | 2,100,000 | 1,860,000 | −240,000 |
| Riba (5% ya 6,150,000) | 307,500 | 262,500 | −45,000 |
| Michango ya jamii | 140,000 | 131,000 | −9,000 |
| Rambirambi | 100,000 | 200,000 | +100,000 |
| Nauli ya benki | 20,000 | 32,000 | +12,000 |
| Makato ya benki | 15,000 | 11,400 | −3,600 |
| Daftari na kalamu | 10,000 | 0 | −10,000 |
| Vocha ya simu | 5,000 | 5,000 | 0 |

Faini haina kasma na isiwekewe. Kikundi kinachopanga matumizi kwa kutegemea faini kinaomba watu wachelewe. Zilizokusanywa (tisa za kuchelewa kwa 500, tano za kutofika bila taarifa kwa 2,000) ziingie tu kwenye mfuko wa mikopo.

Tofauti inayozidi asilimia 10 ya kasma, au sh. 10,000, ipi iwayo kubwa, iandikiwe sababu.

✘ Hisa. Pungufu la asilimia 11. Kati ya Aprili na Julai wastani ulikuwa sh. 394,000 kwa mkutano. Agosti ni 372,000. Orodhesha waliokuwa wakinunua hisa tatu au zaidi ambao sasa wananunua moja. Aliyeshuka ghafla huku ana mkopo ndiye wa kutembelewa mapema, maana kwa kawaida hisa hushuka kabla ya rejesho kukwama.

✘ Riba. Sh. 45,000 zilizokosekana ni asilimia 5 ya sh. 900,000. Ukigeuza hesabu hivi utaona deni linalojificha: salio la mkopo la mwanachama namba 11 (550,000) na namba 23 (350,000) jumla yake ni 900,000 hiyohiyo. Pungufu la riba lisipolingana na salio la wadaiwa, kuna mtu mwingine amerejesha bila riba, au riba imepokelewa haikuandikwa.

✘ Nauli. Jumla ya matumizi ni 48,400 dhidi ya bajeti ya 50,000, na anayesoma mstari wa mwisho peke yake atapiga makofi. Lakini nauli imezidi kwa asilimia 60, ikafichwa na daftari ambazo hazikununuliwa. Bajeti ilikuwa safari 5 kwa daladala, watu wawili, sh. 4,000 kwa safari. Zimefanyika 4 kwa bodaboda mbili, sh. 8,000 kwa safari. Daftari bado zinahitajika, zitalipiwa Septemba. Fedha ya kasma moja isihamie nyingine bila azimio la mkutano kwenye muhtasari.

✔ Kila malipo yana hati yenye saini ya mwenyekiti, mweka hazina na mpokeaji, na stakabadhi imebanwa nyuma yake. Bodaboda hatoi stakabadhi: mpokeaji anaandika jina, namba ya pikipiki na saini.

✔ Rambirambi. Misiba ilikuwa miwili, na viwango vimefuata katiba, sh. 100,000 kila mmoja. Salio la 541,000 liko juu ya kiwango cha chini cha akiba, yaani 400,000. Likishuka hapo, mkutano uamue kuongeza mchango. Mfuko wa jamii hauazimi wala hauazimwi na mfuko wa mikopo, hata kwa wiki moja.

✘ Michango ya jamii. Wanadaiwa sh. 1,000 mara tisa. Majina yaandikwe kwa tarehe ya mkutano, na malipo yafute tarehe hiyo, siyo mchango wa siku anapolipa.

4. Mikopo

✔ Mikopo nje: 6,150,000 − 1,900,000 + 2,400,000 = 6,650,000. Jumla ya leja za wakopaji mmoja mmoja ni hiyohiyo.

✔ Hakuna aliyekopa zaidi ya mara tatu ya hisa zake, na hakuna mkopo mpya uliotolewa kulipa wa zamani. Kagua tarehe: rejesho kubwa na mkopo mpya wa mtu yuleyule ndani ya wiki moja vinahitaji maelezo.

✘ Mikopo iliyochelewa zaidi ya siku 30. Hesabu salio lote la mkopo huo, siyo rejesho lililokosekana tu. Ni 900,000 kati ya 6,650,000, yaani asilimia 13.5. Ukomo wetu ni 10.

5. Thamani ya hisa

✔ Hisa tangu Aprili 8,565,000 (hisa 1,713), ongeza riba 702,500 na faini 73,000, toa matumizi 261,900: 9,078,600. Upande wa pili, mikopo nje 6,650,000 na salio la mfuko wa mikopo 2,428,600: 9,078,600. Pande mbili zimekutana.

Hisa moja sasa ina thamani ya karibu sh. 5,300. Wanachama wataipenda namba hii, kwa hiyo isomwe pamoja na ya pili: mikopo miwili iliyochelewa isiporudi, thamani inashuka hadi karibu sh. 4,774, chini ya bei ya kununulia. Faida yote ya miezi mitano haitoshi kufunika sh. 900,000.

✘ Fedha iliyolala: 2,428,600, zaidi ya robo ya mfuko. Itolewe kwa waombaji wenye sifa mapema, maana mikopo yote inapaswa kurudi kufikia 14 Machi 2026 na mkopo wa miezi 3 hautatolewa tena baada ya 13 Desemba 2025.

6. Hatua za Septemba

Namba 11 na 23: kamati ya mikopo na wadhamini wao wawatembelee kabla ya 5 Septemba, warudi na ratiba ya malipo iliyosainiwa. Hawapati mkopo mpya, ila waendelee kununua hisa.

Nauli: daladala tu, isipokuwa fedha inazidi sh. 500,000, hapo bodaboda au bajaji moja iidhinishwe na mwenyekiti siku hiyohiyo.

Benki: wasindikizaji wa kila Jumamosi wapangwe kwa majina na wa akiba mmoja. Tarehe 23 wote wawili walikuwa na udhuru.

Kitabu namba 16: katibu apige mstari nafasi tatu mbele ya mwenye kitabu na wahesabu fedha, wote wasaini pembeni.

Daftari: kununua mbili za leja na kalamu, isizidi sh. 18,000 (10,000 za Agosti na 8,000 za Septemba, yenye mikutano minne).

Nakala moja ya orodha hii ikae kwenye sanduku, nyingine kwa mwenyekiti, pamoja na nakala ya cheti cha usajili cha halmashauri. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, vikundi kama chetu viko daraja la nne, na kumbukumbu za kila mwezi ndizo afisa maendeleo ya jamii anazoomba akija.

Mkutanoni zisomwe namba tano kwa sauti: sanduku 281,000, benki 2,688,600, mfuko wa jamii 541,000, mikopo nje 6,650,000, iliyochelewa 900,000. Wanachama wawili wasio viongozi wazirudie kwa kichwa. Mkutano wa 13 Septemba uanze kwa kuwauliza walewale.