Salamu za Dada Mkuu, Paredi ya Siku ya Kiswahili Duniani

Ndugu mgeni rasmi, Afisa Elimu wetu wa Wilaya. Mkuu wa Shule. Wajumbe wa bodi. Walimu, wazazi na walezi wetu: shikamooni! Wanafunzi wenzangu, hamjambo?

Wageni wetu, karibuni sana. Uwanja huu mnaouona umemwagiwa maji na kufagiwa alfajiri na wadogo zetu wa Kidato cha Kwanza, na viti vya chini ya mwarobaini wamevipanga wao. Ahsanteni, wadogo zangu, nimewaona.

Leo ni tarehe 7 Julai, siku iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021 kuwa ya Kiswahili duniani. Tutasikia ngonjera, shairi na mdahalo. Walimu wetu wa Kiswahili wamebaki nasi hadi jioni wakitusahihisha mizani na vina bila kuchoka. Walimu, tunawapenda, na tunasema hivyo mbele ya wazazi wetu.

Wenzangu, simu hazipo, minong'ono ikome, kila mstari unyooke. Mgeni rasmi, kwa heshima naomba tusimame kwa Wimbo wa Taifa. Paredi, mguu sawa!