Jibu kwa ndugu muuza mashine ya kukaushia karafuu

Waalaykumu salaam ndugu yangu,

Tangazo lako nimelisoma lote na picha nimezitazama. Ahsante kwa kutukumbuka wakulima wa Pemba. Lakini mashine sitonunua, na nakuomba jibu hilo ulichukue kama lilivyo.

Hapa tunapoulizana wakulima, kijana wa Mtambwe kauliza jambo la haraka: karafuu zake zimenyewa na mvua jamvini, azifanye nini usiku huu. Watu walikuwa ndio kwanza wanaanza kumjibu, kila mmoja kwa alichokipata kwa wazee wake. Ukaingia wewe na bei, na nambari ya simu, na punguzo la mwisho Ijumaa. Muulizaji kakosa jibu, kapata duka. Nisingependa adhani tumenyamaza kwa kuwa tumekubali.

Unasema inakausha kwa saa nne. Huenda ni kweli, sikubishii. Ila karafuu haipimwi kwa saa. Inatakiwa itoke na rangi yake ya hudhurungi, kichwa kipo, na ukiivunja ilie. Moto ukizidi mafuta yanapotea, na karafuu bila ya mafuta ni nini tena? Jua la siku nne tano tunalipata bure. Kinachotukera ni mvua ya vuli, na kwa hiyo tuna turubai na mtu wa kubaki nyumbani kutazama wingu. Halafu msimu huu ndio wa kuwalipa wachumaji, pishi kwa pishi, kila jioni. Mwenye mikarafuu ishirini atoe wapi hizo laki tano za arubuni unazotaka, kwa kitu ambacho hajakiona kikifanya kazi?

Kwa hivyo tafadhali usinirejee na bei pungufu, na usinipigie. Hao wengine nao uwaache mpaka wakutafute wenyewe. Ukiwa na nia ya kweli na Pemba, ilete mashine Wete au Chake, uikaushie karafuu mbichi mbele za watu, kisha zipelekwe kituo cha kununulia karafuu cha ZSTC zikapangiwe daraja. Siku hiyo hata mimi nitakuja kutazama. Kutazama tu lakini.

Mungu akufungulie riziki yako kwengine, ndugu yangu. Sina kinyongo.

Na wewe mwanangu wa Mtambwe: ziingize zote ndani sasa hivi, uzitandaze nyembamba sakafuni kwenye jamvi kavu, dirisha wazi. Usizirundike, na gunia usiliguse kabisa. Zikilala lundo zikiwa na maji zinapata joto, zinachacha, na kesho utazikuta zimesinyaa na kuwa nyeupenyeupe. Makonyo kama bado yamo, yachambue usiku huu huu. Zigeuze kabla hujalala, na jua likichomoza tu, uwanjani.