Damu Ipimwe, Isikadiriwe kwa Macho

Muhtasari wa kisera kwa Mganga Mkuu wa Wilaya na Timu ya Usimamizi wa Huduma za Afya ya Halmashauri
Kutoka kwa Mratibu wa Huduma za Afya ya Uzazi na Mtoto
Kwa kikao cha maandalizi ya Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri, 2026/27

Tunachoomba

Kikao kiidhinishe ununuzi wa shuka za kupimia damu kwa kila mama anayejifungua kwa njia ya kawaida katika hospitali ya wilaya na vituo vya afya vitatu vyenye chumba cha upasuaji. Pia kiagize leba zote nne ziwe na trei moja ya dharura ya kutokwa na damu. Zahanati hazimo katika ombi hili, kwa sababu inayoelezwa chini.

Tatizo liko wapi

Dawa nyingi za kuokoa mama anayetokwa na damu tunazo tayari. Tunachochelewa ni kujua kwamba anatokwa na damu. Mkunga anatazama kanga na pamba zilizolowa, anakisia, na kisio huwa chini ya hali halisi. Matibabu nayo huja kwa zamu: sindano moja, kusubiri, ya pili, kusubiri tena, kisha daktari anaitwa wakati mama ameshapauka.

Utafiti ulionyesha nini

Utafiti wa E-MOTIVE, ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Birmingham na kuchapishwa 2023, ulifanyika katika hospitali 80 za Tanzania, Kenya, Nigeria na Afrika Kusini, ukihusisha wanawake zaidi ya 210,000 waliojifungua kwa njia ya kawaida. Baadhi ya hospitali ziliendelea na utaratibu wao. Nyingine zilitumia shuka la plastiki lenye mfuko wenye alama za mililita, na mama alipofikia kiwango cha hatari alipewa matibabu yote kwa pamoja.

Katika kila wanawake 1,000, waliopoteza lita moja ya damu au zaidi, au kufanyiwa upasuaji wa tumbo, au kufariki kwa sababu ya damu, walikuwa 43 kwa utaratibu wa kawaida na 16 kwa utaratibu mpya. Tatizo lilitambuliwa kwa asilimia 93 ya waliokuwa nalo, dhidi ya asilimia 51. Matibabu kamili yalitolewa kwa asilimia 91, dhidi ya 19. Kwangu mimi takwimu hii ya mwisho ndiyo nzito kuliko zote: hata pale tatizo lilipoonekana, huduma kamili haikuwa desturi.

Tusiahidi kupita kiasi, hasa tukiulizwa na madiwani. Vifo peke yake vilikuwa vichache mno kuthibitisha tofauti. Hospitali zilizohusika zilikuwa za rufaa ya ngazi ya pili, zenye upasuaji, na waliojifungua kwa upasuaji hawakuhusishwa. Ndiyo maana zahanati zisubiri. Huko kazi ya kwanza ni gari la rufaa.

Shirika la Afya Duniani lilipendekeza utaratibu huu mwishoni mwa 2023.

Utaratibu wenyewe

Shuka huwekwa chini ya mama mara tu mtoto anapozaliwa. Kwa saa nzima ya kwanza, kila dakika 15, mkunga anasoma kiasi cha damu, anapima mapigo na presha, na kugusa mji wa mimba. Damu ikifika mililita 500, au 300 pamoja na dalili nyingine ya hatari, yote yanaanza bila kusubiriana: kukanda mji wa mimba, oksitosini, gramu 1 ya asidi ya traneksamiki, dripu, na uchunguzi wa michaniko. Damu isipokoma, daktari anaitwa papo hapo.

Asidi ya traneksamiki ina saa yake. Utafiti wa WOMAN wa 2017, wenye wanawake 20,060, ulionyesha kuwa inaokoa ikitolewa ndani ya saa tatu. Dawa iliyofungiwa stoo ambayo ufunguo wake uko kwa mtu aliyekwenda nyumbani ni sawa na dawa isiyokuwepo.

Maamuzi yanayohitajika

Mfamasia wa Wilaya aingize shuka na asidi ya traneksamiki katika maombi ya Bohari ya Dawa, idadi ikitokana na rejesta za leba za mwaka uliopita. Ahakiki pia friji: oksitosini hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8, na sindano iliyoharibiwa na joto haitofautishwi kwa macho na nzima.

Muuguzi Mkuu aandae mazoezi ya vitendo humo humo leba, kwa zamu zote, ya usiku ikiwemo. Semina ya hotelini haihitajiki.

Kila mwezi, kila kituo kilete namba tatu tu: waliojifungua, waliowekewa shuka, na waliopata hatua zote kati ya waliovuka kiwango. Zisomwe katika kikao kile kile cha mapitio ya vifo vya wajawazito na watoto wachanga, na kituo ambacho shuka zimekwisha kitaje tarehe zilipokwisha.