Gurudumu lililolegea baada ya kufungwa tairi kwenu: naomba ukaguzi na marekebisho

Ndugu meneja,

Habari za kazi. Mimi ni yule mteja mwenye gari ndogo ya rangi ya fedha, nilikuja kwenu Jumamosi asubuhi nikafungiwa tairi mbili mpya za nyuma na kufanyiwa balansi, risiti ninayo. Nimeshaongea na kijana wa kaunta kwa simu akanijibu "njoo tukukazie", ndo maana nimeona nikuandikie wewe mwenyewe, maana hili sio la kukaza tu.

Ilivyokuwa ni hivi. Jumatatu jioni narudi kutoka kazini nikaanza kusikia mlio nyuma upande wa kushoto, ko-ko-ko, ukienda taratibu ndo unausikia vizuri, na nikikata kona unazidi. Mwanzoni nikadhani ni jiwe limenasa kwenye tairi au shokapu, ila baada ya muda gari yote nyuma ikaanza kutetemeka nikaona hapana, nikapaki pembeni. Kushuka kuangalia gurudumu la kushoto nyuma: nati moja haipo kabisa, mbili nazungusha kwa vidole, na zile mbili zilizobaki nazo sio za kuziamini. Ndani nilikuwa na watoto wawili na barabara ile malori hayapoi, sasa we fikiria lingechomoka tukiwa kwenye spidi.

Sikuiendesha tena. Nimeita gari ya kuvuta ikanifikisha nyumbani na hadi leo imepaki, sijagusa kitu. Picha nilipiga palepale kabla haijavutwa, nakutumia pamoja na barua hii pamoja na risiti yenu na ya mvutaji.

Sitaki kumsingizia mtu ila nilichokiona siku ile nitakisema. Kijana aliyeanza na gurudumu hilo alishika nati kwa mkono zikaingia, kabla hajamaliza akaitwa kwenye gari nyingine, akaja mwenzake akashusha jeki. Yule wa pili inawezekana kabisa alijua mwenzake keshakaza, na wa kwanza alijua mwenzake atamalizia. Gari ikishuka chini sikuona mtu akipita na toki renchi wala hata wili spana kuzungukia nati zote, na hakuna aliyeniambia nirudi baada ya kilomita 50 au 100 zikaguliwe tena, jambo ambalo mafundi wengi wanamwambia mteja hata kama hajauliza.

Sasa kwa nini nakataa "njoo tukukazie". Gurudumu likicheza namna hiyo uzito wa gari unaangukia stadi, zinapinda au zinavutika, nyuzi zinalika, na matundu ya rimu yanaanza kuwa ya mviringo wa yai badala ya duara. Ukikaza nati juu ya stadi iliyochoka itaonekana imekaza leo, kesho inakatika. Na kwenye picha utaona tundu moja la rimu limeshachubuka mpaka kuna vumbi la chuma linang'aa.

Kwa hiyo naomba umtume fundi mzoefu, ikiwezekana wewe uwepo, mje hapa gari ilipo, au mgharamie kuivuta hadi kwenu, kuendesha siendeshi. Gurudumu livuliwe mbele yangu tuangalie stadi zote tano, nati, rimu, hab pamoja na diski ya breki. Stadi na nati za gurudumu hilo naomba zibadilishwe zote, sio ile iliyopotea peke yake, na rimu ikionekana tundu limetanuka mniletee nyingine ya saizi ileile. Halafu yale magurudumu mengine matatu nayo yapimwe, kwa sababu tairi ya kulia nyuma ilifungwa siku hiyohiyo na watu walewale. Kukaza kufanyike kwa msalaba na kumalizikia kwa toki renchi kwa kipimo cha kwenye kitabu cha gari, sio gani ya upepo halafu basi, na mniandikie kwenye karatasi kilichokutwa na kilichobadilishwa.

Gharama ya vifaa na ufundi naona ni ya kwenu, na hela ya kuvuta gari naomba mnirudishie. Hela ya tairi sidai, tairi zenyewe hazina shida.

Naomba jibu kabla ya Ijumaa. Kama mtaona ni tatizo la gari na sio ufungaji nionyesheni kwa vielelezo, nitasikiliza, ila mkikaa kimya nitatafuta fundi wa nje akague aandike ripoti na nitaipeleka pamoja na picha kwa wanaoshughulikia malalamiko ya wateja. Ningependa tusifike huko, nimekuwa nakuja kwenu muda mrefu na kazi zenu za nyuma sikuwahi kuzilalamikia.

Namba yangu ya simu ipo kwenye risiti. Baada ya saa kumi na moja jioni napatikana, fundi anipigie kabla hajatoka ili nimfungulie geti.

Wako,
Mteja wa Jumamosi, gari ndogo ya rangi ya fedha